Barua kwa Dada Raya: picha ya ukumbini iwekwe bustanini

Kikwajuni, Unguja
14 Januari 2026

Dada yangu Raya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai wewe na watoto hamjambo. Sisi huku alhamdulillahi tu wazima. Flashi nimeipokea, na picha zote za harusi tumeziangalia mimi, mama na mawifi zangu. Mama alipofika zile za hina na piko alinyamaza kabisa, na yeye si mtu wa kunyamaza. Allah akulipe kheri, umetushughulikia kama ndugu zako.

Nakuandikia kwa ajili ya picha moja, IMG_2264. Ni ile tuliyosimama mimi na Nassor kwenye zulia jekundu, wewe uko juu ya steji unatupiga kwa mbele, na nyuma yetu ukumbi mzima unaonekana mpaka mlangoni. Naomba uuondoe ukumbi huo na watu wake wote, utuweke bustanini.

Utajiuliza kwa nini nisichague nyingine, maana ziko nyingi na nzuri. Nyingine zote nimeinamisha macho, kama somo alivyoniagiza. Hii ndiyo peke yake niliyoinua uso. Nassor amenigeukia, kilemba kimemkaa vizuri, uzi wa dhahabu wa joho umepata mwanga, na mimi nacheka kicheko changu mwenyewe. Mama mkwe wangu aliyeko Wete, Pemba, hakuweza kusafiri kwa ajili ya miguu yake. Ameomba picha moja kubwa ya kutundika ukumbi wake wa mbele, na nataka apate hii.

Sasa ukumbi ule wa mbele wa Wete ndio wanaokaa wageni wanaume. Mashemeji, majirani na hata mafundi wanaokuja kazini hukaribishwa pale. Na wewe unajua hali ilivyokuwa Nassor alipoingia. Ilitangazwa kwa spika kwamba bwana harusi anaingia, watu wajifunike, lakini ngoma zilikuwa juu na wengine hawakusikia. Ukiikuza picha utamwona mama yangu mdogo nywele wazi, mtandio umeanguka begani, amenyanyua simu anatupiga. Pembeni yake yupo binti wa jirani na gauni lisilo na mikono. Safu ya tatu yumo mwalimu wangu wa madrasa, mtu ambaye hakuna mwanamume asiye maharimu wake aliyepata kuuona utosi wake. Walikuja kunifurahia mahali walipoambiwa ni pa wanawake watupu. Siwezi kuwatundika ukutani kwa watu.

Wifi yangu alishauri uzibe nyuma kwa ukungu tu. Nimelifikiria hilo, sikulikubali. Ukungu utaficha nywele lakini hautaficha mtu. Gauni la mama mdogo lile la rangi ya chungwa kila aliyekuwepo analijua, na ukoo wetu walivaa sare, kwa hiyo hata wakiwa madoa matupu watahesabika nani alikaa wapi. Kukata picha nako hakufai, kwa sababu shela yangu imetandazwa upande wa kulia mpaka karibu na viti. Nikiwatoa watu kwa kukata, shela inakwenda nao.

Bustani ninayoitaka si ya kutafuta kwenye mtandao. Nimeziona hizo, zina maua ya baridi ambayo hapa hayaoti, na mtu wa Pemba ataijua mara moja. Forodhani pia sitaki: nyuma kuna bahari na boti, mwanga wake unaumiza macho, na sitaki kutoka kwenye msongamano mmoja niingie mwingine. Nataka kwa bibi yangu, kule Dole. Nyumba iko ndani ya shamba, mbele ina uwanja wa majani, upande mmoja ukuta wa asumini, upande wa pili mlangilangi mkubwa na mishokishoki, na kwa nyuma mikarafuu miwili mitatu. Asumini zilizokuwa kwenye nywele zangu na kwenye kikuba, pamoja na rihani yake, zilichumwa pale asubuhi ya harusi. Vuli imekwisha na majani bado mabichi. Bibi nimeshamwambia, na amesema mlango uko wazi siku yoyote isipokuwa Ijumaa kabla ya sala.

Naomba uende ukaipige mwenyewe kwa kamera ileile na lenzi ileile. Picha ya simu iliyopitia WhatsApp itakuwa imebanwa, na mimi nataka kuitoa kwa ukubwa wa sentimita 60 kwa 90. Kitu kikipanuliwa hivyo, majani yatakuwa uji na sisi tutabaki wakali, kila mtu ataona tumebandikwa. Ukifika simama juu ya baraza, usishuke uwanjani. Ukumbini ulikuwa juu ya steji na sisi chini, kamera ilituinamia kidogo. Baraza ya bibi ina ngazi tatu, nadhani itakupa kimo kinachokaribiana. Ukiipiga kutoka chini, ardhi itainuka vingine na sisi tutaonekana tunaelea.

Kuhusu mwanga, taa zako zilitupiga kwa mbele, kutoka mkono wako wa kushoto. Kwa hiyo usichague saa ambayo jua liko nyuma ya miti, maana nyuso zetu zitang'aa kwa mbele na miti itang'aa kwa nyuma, kama mchana una majua mawili. Baada ya alasiri uwanja ule hupata kivuli laini cha mishokishoki, na baraza inatazama mashariki, kwa hiyo jua linakuwa mgongoni kwako. Ikiwa siku ina mawingu mepesi itakuwa bora zaidi.

Niruhusu sasa niseme ya ushonaji, kwa kuwa gauni lile nimelishona mwenyewe na kila mshono wake naujua. Shela ni neti nyembamba yenye lesi ukingoni. Kwenye picha, ukitazama ndani ya neti unaona viti na watu kwa kupitia. Hapo ndipo naogopa zaidi. Ukiikata shela pembezoni tu, ukumbi utabaki umenaswa ndani yake huku nje ni bustani. Neti inabidi isafishwe kipande kwa kipande, kisha kijani kiruhusiwe kupita kwa uhafifu palepale palipokuwa na viti. Lesi nayo ina matundu. Tafadhali usiipake ikawa ukanda mweupe mtupu, kila tundu lionyeshe kilicho nyuma yake. Mahali ambapo neti imekunjwa mara mbili isipitishe sana, kwa sababu hata kwa macho haipitishi.

Zile taa za zambarau za ukumbi zimeacha rangi kwenye bega langu la kushoto na kwenye kanzu ya Nassor. Shambani hakuna kitu cha zambarau, kwa hiyo rangi hiyo iondoke, lakini kitambaa kisiwe cheupe cha karatasi. Gauni langu ni la rangi ya maziwa. Zulia jekundu nalo limeakisi chini ya pindo. Pale paondolewe wekundu, paingie ukijani kidogo sana. Na pindo lenyewe limelala bapa kwa sababu lilikuwa juu ya zulia. Majani hayalali hivyo. Ukiweza, acha ncha za majani zipande juu ya pindo na juu ya makubadhi ya Nassor, na weka kivuli chini ya miguu yetu, cheusi karibu na nguo kisha kififie.

Kuna mkono wa somo. Alikuwa ananirekebishia shela begani, mwili wake haumo kwenye picha ila vidole vinne na bangili. Ukumbini mkono ule una maana, shambani utakuwa mkono usio na mwenyewe. Utoe, na bega ulijengee kutokana na IMG_2262, ambayo shela iko vilevile na mkono haujafika.

Ambayo sitaki yaguswe ni nyuso zetu. Usitutie weupe, usinipunguze kiuno, kovu la Nassor la kwenye nyusi liache, mama yake ataliulizia. Piko na hina za mikononi mwangu zibaki na weusi na wekundu wake. Nywele zangu ndani ya shela hazionekani, na hata kwenye usafishaji zisije zikachomoza.

Sasa jambo lililo zito kwangu kuliko mti na majani. Nasikia wapiga picha wengi huwapelekea vijana kazi za kompyuta, na si kosa, kila mtu na ufundi wake. Lakini hii nakuomba uifanye wewe mwenyewe au dada yule anayekusaidia. Kama hapana budi ipite kwa mwanamume, basi kwanza wewe utukate mimi na Nassor, umpe sisi tu pamoja na picha ya bustani, na ukumbi asiuone kabisa. Picha ya asili isifutwe, nataka ibaki kwenye albamu ya wanawake, kwa sababu watu wale ndio walionipigia vigelegele na nitapenda kuwaona uzeeni. Ila isitoke kwako kwenda popote, wala isiwekwe kwenye ukurasa wako wa matangazo. Hata hii ya bustani usiiweke, mume wangu hataki, na mimi pia sitaki.

Mama mkwe tutamwambia kwamba tulisimama ukumbini na bustani imetiwa baadaye. Nassor amekubali. Sitaki adhani harusi ilifanywa shambani halafu watu wakaja kumweleza vingine.

Najua kazi hii haimo katika makubaliano yetu. Nakutumia shilingi 80,000 za kuanzia pamoja na barua hii. Ukiona haitoshi niambie bei yako bila ya haya, mimi ni fundi, najua saa za kazi ya mkono. Nauli ya Dole ni juu yangu, na kaka yangu anaweza kukuchukua kwa gari Jumamosi au Jumapili. Kabla ya kuimaliza, nionyeshe kwanza kipande cha shela na miguu kwenye kompyuta yako, nitakuja mwenyewe. Hayo mawili yakikaa sawa, mengine nakuachia.

Ningependa iwe tayari kabla ya Ramadhani kuandama, ili fremu ipande boti pamoja na Nassor atakapokwenda Wete kumpelekea mama yake futari. Faili la mwisho nipe kwa flashi, usilitume kwa simu.

Nisalimie watoto, na dada yule msaidizi wako mwambie nguo yake ya Idi alete kitambaa, nitamshonea.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi mdogo wako,
Salma