Dokezo la siri: mahojiano kuhusu masurufu ya Singida

Kwa: Afisa Rasilimali Watu
Kutoka: Mkaguzi wa Ndani
Kuh: Mahojiano na ofisa ugani wetu, Alhamisi saa 4 asubuhi

Dada, Alhamisi tunauliza, hatushitaki. Kikao cha nidhamu, kikihitajika, kitakuwa na barua yake ya tuhuma, wajumbe wengine na walau saa 48 za kujiandaa, kwa mujibu wa Kanuni za 2007 (GN 42). Tukivichanganya, CMA watatuuliza tuliamua lini.

Tulichonacho ni risiti ya gesti ya safari ya Mei. Inasomeka 180,000/=, lakini nilipoihakiki kwenye verify.tra.go.tz ikaja 80,000/=. Ile 1 ya mwanzo imekolea kuliko tarakimu nyingine. Kuna pia lita 60 za mafuta alizodai siku ambayo daftari la gari linaonyesha Hilux iko gereji. Hili silitegemei sana: dereva hujaza daftari Ijumaa, kwa kukumbuka.

Risiti za EFD hufifia, kwa hiyo nimezipiga picha na kuzitoa kopi. Halisi zimo kwenye bahasha iliyofungwa, kabati la chuma, na kila anayeifungua ataandika jina, saa na sababu. Mtu asizipige laminesheni kwa nia njema! Joto la mashine litaifanya karatasi yote kuwa nyeusi. Pini na kalamu pia zisiziguse. Barua pepe za kuidhinisha malipo fundi kompyuta atazitoa kwenye seva, nami nikishuhudia. Simu binafsi ya ofisa ugani hatuigusi.

Bosi wake asiwemo chumbani. Ndiye aliyesaini marejesho, kwa hiyo naye tutamhoji.

Barua ya wito apewe kesho, itaje safari husika na kwamba anaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Nitaanza hivi: "Tusimulie safari ya Mei, tangu ulipotoka ofisini." Tumwache amalize, hata akizunguka. Kisha: alilala wapi, siku ngapi, alilipa taslimu au kwa simu, risiti alipewa na nani, ilikaa wapi hadi alipoirejesha. Hapo ndipo nitaweka kopi mezani nimwombe asome kiasi, halafu tunyamaze. Ya TRA tusiyataje kabla hajajibu. Akisema risiti aliipata hivyo hivyo kwa mhudumu, huenda ni kweli. Nitakwenda Singida kuuliza kabla hatujaamua lolote.

Wewe utaandika swali na jibu kwa maneno yake mwenyewe, "sikumbuki" zikiwemo. Asome, arekebishe, asaini kila ukurasa. Akikataa, tuandike kwamba amekataa na saa, tusaini sisi. Tusimwambie "ukikiri yataisha". Ahadi hiyo si yetu kuitoa.

Chumba kidogo cha mikutano kina kioo upande wa korido, na watu wana macho. Nimeomba cha ghorofani.