Mpango wa wiki: tafsiri ya ripoti ya uvuvi wa Ziwa Viktoria

Dada, habari za tangu juzi.

Ripoti nimeipitia yote. Ina maneno 26,000 ya Kiingereza. Tukitoa marejeo na anwani, yanabaki 24,000. Wewe chukua sura ya 1 hadi 4, mimi 5 hadi 8 na viambatisho. Kila mmoja ana 12,000. Tuhesabu maneno ya Kiingereza tuliyomaliza, si ya Kiswahili. Kiswahili hubana, tutajiona tumechelewa bure.

Jumatatu asubuhi hakuna kutafsiri. Njoo Ntinda saa tatu tufunge istilahi. Sangara, sato na dagaa hazina ubishi, na kokoro libaki kokoro, wavuvi wanalijua. Kazi iko kwenye vikundi vya usimamizi wa mialo na zile nyavu za uzi mmoja: tukiziita kila mtu lake, Jumamosi yote itaishia kusawazisha. Mchana, maneno 2,000.

Jumanne na Jumatano 3,000 kila siku: 1,800 kabla ya chakula cha saa saba, 1,200 baada yake. Chai saa nne na nusu, na uinuke kweli, usinywee kwenye kibodi. Kila baada ya dakika hamsini pumzisha macho. Saa kumi na mbili tunafunga, hata kama umebakiza aya mbili. Aya za usiku ndizo tunazozirudia asubuhi.

Alhamisi 2,500. Nimeipunguza makusudi kwa sababu ya sura za sheria na faini, ambazo haziendi mbio. Ijumaa 1,500, yaishe kabla ya saa sita.

Umeme ukikatika, tumia betri kwa kutafsiri tu, utafutaji wa mtandaoni usubiri. Deni la siku moja ligawanywe siku mbili zinazofuata, lisirundikwe Ijumaa.

Ijumaa saa nane tunabadilishana mafaili. Mchana huo na Jumamosi hadi saa tisa unahariri yangu, nami yako, Kiingereza kikiwa pembeni. Tarakimu zipewe zamu yake peke yake. Urefu wa chini wa sangara anayeruhusiwa ni sentimita 50. Ukikuta 58 mahali, mvuvi wa Kasensero anaweza kutupa samaki halali. Mahali palipotajwa inchi, andika pia sentimita.

Jumapili ni ya kanisa na watoto. Ripoti usiifungue.

Jumatatu ya pili, saa mbili hadi saa tano, tunasoma kwa sauti bila kutazama Kiingereza: mmoja anasoma, mwingine anatia alama panapokwama. Majedwali na yaliyomo ni mimi. Mteja anataka faili saa sita mchana. Nitaituma saa tano na nusu.

Kama Alhamisi una ile semina ya Jinja, niambie leo nikuhamishie 1,000 kwangu.