Barua ya Shukrani kwa Shangazi

Majengo,
Moshi.
8 Desemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, na kwamba biashara ya nafaka pale Soko la Kilombero inakwenda vizuri. Sisi huku Moshi hatujambo. Baba anakusalimu sana, na mgongo wake umepata nafuu. Ningeweza kukupigia simu, lakini kila ninapoanza kushukuru kwenye simu wewe hunikatiza kwa kuuliza habari za mvua, nami hubaki na maneno yangu mdomoni. Kwenye karatasi, Shangazi, itakubidi unisikilize mpaka mwisho.

Nakuandikia kwa sababu mwezi uliopita nimethibitishwa kazini baada ya kumaliza mwaka wa majaribio. Sasa mimi ni muuguzi mwenye barua ya ajira ya kudumu, na mtu wa kwanza aliyestahili kuijua habari hii kwa maandishi ni wewe.

Nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni mwaka 2012, ada ya serikali ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Watu wengi waliamini kwamba mzigo uliishia hapo. Wewe uliomba usomewe fomu ya kujiunga yote, mstari kwa mstari: godoro, shuka, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, sare, pamoja na michango ambayo jumla yake iliizidi ada yenyewe. Baba alikuwa ameacha kazi ya uashi, na sidhani kama angethubutu kukuomba vyote hivyo. Hukusubiri uombwe. Siku chache baadaye alipigiwa simu afuate mzigo stendi, akakuta kiroba kilichoshonwa mdomo kwa uzi wa katani, jina langu likiwa limeandikwa ubavuni kwa kalamu nene. Ndani mlikuwa na kila kilichotajwa kwenye fomu isipokuwa godoro, ambalo ulilitumia fedha yake, pamoja na viatu vyeusi vilivyonizidi kidogo, navyo ulivijaza magazeti kwenye ncha ili nivivae hadi mwaka unaofuata.

Viroba vya namna hiyo viliendelea kuja kila shule zilipokaribia kufunguliwa. Sikumbuki muhula nilioingia darasani bila kaunta buku mpya, na hata sabuni za miche ulizikata vipande mwenyewe, kwa kuwa ulijua kwamba bwenini mche mzima huazimwa na wengi. Serikali ilipofuta ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, mimi nilikuwa nimekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne. Tukacheka sana siku ile, ingawa wewe ndiye uliyekuwa umelipa. Ukaendelea na kidato cha tano na cha sita, kisha miaka mitatu ya stashahada ya uuguzi, ambako ada haikuwa tena ya maelfu machache.

Hata hivyo, jambo ninalokushukuru kuliko yote si kiasi cha fedha. Hukuwahi kupeleka ada shuleni moja kwa moja. Uliituma kwenye simu ya Baba, ukaongeza na ya kutolea, ili yeye mwenyewe aende benki, na stakabadhi iandikwe jina lake. Nilikuwa nikimwona akiikunja na kuiweka katika mfuko wa shati kabla ya kunipeleka shule. Mbele ya mhasibu alikuwa mzazi aliyemlipia mwanawe, na hakuna ndugu hata mmoja aliyewahi kusikia kutoka kinywani mwako kwamba mambo yalikuwa vinginevyo. Wapo wanaosaidia kisha wakatangaza kila msibani na kila harusini. Ninawaheshimu, lakini wewe umetulea kwa njia nyingine.

Sasa nina ombi. Mdogo wangu anaanza muhula wa pili chuoni mwezi Machi, na ninajua umeshaanza kumwekea. Tafadhali usitume. Ada yake pamoja na kodi ya chumba nitavilipa mimi, nami nitaituma kwa Baba, pamoja na ya kutolea. Fedha uliyoweka iongeze kwenye mtaji wako, maana msimu wa mavuno bei ya mahindi hushuka, na ni heri ununue mapema.

Kwa mikono ya dereva wa Kosta nimekutumia doti mbili za kitenge na kahawa ya nyumbani, iliyokaangwa na Bibi. Kifurushi kimeandikwa jina lako. Mpigie dereva kabla ya saa kumi. Tunakutegemea Kibosho tarehe 23, na chumba chako kimeshapakwa rangi.

Ni mimi mwanao,
Neema