Maswali ya kuuliza mwishoni mwa usaili: mtengeneza programu, mfumo wa mawakala wa forodha, Tanga

Jumatano saa 4 asubuhi, Chumbageni. Muda wa maswali ni kama dakika 10, kwa hiyo matatu ya kwanza hayaachwi. Aulizwe kiongozi wa wahandisi. Ofisa utumishi atajibu kwa kubahatisha.

1. "Samahani mkuu, mara ya mwisho mfumo kuanguka mchana, wakala ana mzigo bandarini, ilikuwaje? Nani aligundua kwanza, na mlibadilisha nini baadaye?"

Hili ndilo zito kuliko yote. Akijibu "kuna kijana alifuta jedwali", hapo lawama humwangukia mtu. Akijibu "nywila ya hifadhidata halisi ilikuwa kwenye kompyuta ya kila mmoja, tukaiondoa", wanarekebisha chanzo. "Hatujawahi kuanguka" ni jibu la kutiliwa shaka: ama hawafuatilii, ama anaficha. Kama aliyegundua ni mteja, ongeza: "Siku hizi mnapata taarifa kabla hajapiga simu?"

2. "Hesabu za ushuru mnazijaribuje? Jaribio likifeli, mabadiliko yanazuiwa kupanda, au ni onyo tu?"

Usiulize kama wana majaribio. Nani atasema hana? Wakitaja asilimia ya msimbo uliopitiwa na majaribio, usiridhike, maana jaribio linaweza kupita kwenye mstari bila kukagua jibu lake. Dodosa pia yale yanayofeli leo na kupita kesho bila kitu kuguswa. Yakizoeleka, watu hubonyeza `Re-run` bila kusoma kosa, na siku kosa la kweli likija linapita nalo.

3. "Mtu wa mwisho kujiunga, mabadiliko yake ya kwanza yaliingia siku ya ngapi? Nini kilimkwamisha?"

Siku 2 mpaka 5 ni nzuri. Wiki tatu, mara nyingi, ni ruhusa zilizochelewa au `README` iliyopitwa na wakati. Malizia hivi: "Wiki ya kwanza nikikwama, nitamfuata nani?" Wakitazamana, jibu umelipata.

4. Muda ukibaki: "Nikibadilisha mstari mmoja leo, unapitia wapi mpaka umfikie wakala?" Tarajia mapitio ya mwenzako, majaribio yanayojiendesha, seva ya majaribio, kisha seva halisi. Ikiwa mtu mmoja ndiye anayepandisha kwa mkono kila Ijumaa jioni, uliza akiwa Pangani nani hupandisha, na kurudisha toleo la jana huchukua dakika ngapi.

5. "Mapitio yakileta ubishi kati ya mkongwe na mgeni, hukatwaje?" Omba mfano mmoja wa mkongwe kukubali kusahihishwa.

Mshahara na likizo vimo kwenye barua ya ajira. Visile dakika hizi.