Barua kwa Wote Nyumbani: Wiki Tatu za Mitihani

Bibi, Baba na Mama, shikamooni. Kaka, shikamoo. Dada mdogo, hujambo?

Najua mtacheka kupata barua kutoka kwa mtu mnayekula naye meza moja. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa mdomo mara mbili. Mara ya kwanza simu ya Baba ililia, mara ya pili nilipandisha sauti mpaka mdogo wangu akalia, na mazungumzo yakaishia hapo. Mdogo wangu, yale maneno ya siku ile nisamehe. Hukuwa na kosa, ulikuwa unacheza tu.

Mitihani inaanza Jumatatu tarehe 3 Novemba na kumalizika Ijumaa tarehe 21. Ni karatasi nane. Hisabati ni tarehe 3 na 6, Kemia tarehe 11, na vitendo vyake tarehe 14. Ratiba nzima nimeibandika kwenye mlango wa jokofu.

Ninachoomba kwanza ni utulivu kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, siku za shule, na Jumamosi kuanzia saa 3 hadi saa 6 mchana. Saa nyingine nyumba iendelee na maisha yake. Hata katika saa hizo sisemi watu watembee kwa kunyata. Maji yakitiririka jikoni au feni ikivuma, sisikii hata kidogo. Kinachonitoa ni maneno ya watu. Mtangazaji akianza kusoma habari, masikio yanamfuata yenyewe, na nikirudi kwenye swali nakuta nimesahau nilikuwa nakokotoa nini. Ndiyo maana namwomba Baba asikilize taarifa ya habari kwa visikilizi, au televisheni ihamie chumbani kwenu kwa wiki hizo tatu. Bibi, redio yako ya alfajiri usiizime. Mimi huamka nayo.

Jambo jingine dogo: katika saa hizo msinitume. Najua kufungua geti ni dakika moja, lakini kurudi mahali nilipokuwa kwenye hesabu huchukua muda mrefu zaidi ya huo. Kama ni dharura, gongeni mlango bila kusita.

Sasa kazi za nyumbani, na hapa ndipo niliposita sana kuandika. Zamu zangu ni vyombo vya usiku, kudeki sebule na korido Jumamosi, na kumsaidia mdogo wangu kazi zake za shule. Muhula uliopita niliposema nina mitihani, kila mtu alinijibu "soma tu". Nilisoma. Usiku mmoja nikatoka kunywa maji saa 5, nikamkuta Mama amesimama kwenye sinki anaosha vyombo vyangu, na asubuhi yake alikuwa wa kwanza kuamka. Hakulalamika, wala nadhani hakumwambia mtu. Sitaki msaada wa namna hiyo tena. Kama zamu zangu zitaishia mikononi mwa Mama, afadhali nibaki nazo.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kaka, najua unarudi umechoka, basi chukua vyombo vya usiku Jumatatu na Jumatano tu. Baba, naomba Jumanne na Alhamisi. (Ndiyo, Baba. Bibi anasema ulipokuwa kijana uliosha masufuria yakang'aa, na mimi namwamini Bibi.) Ijumaa hadi Jumapili nitaosha mwenyewe, kwa kuwa kusimama kidogo baada ya kukaa kutwa kunanisaidia. Kudeki kwa Jumamosi zile mbili, tarehe 8 na 15, Kaka na mdogo wangu wagawane, mmoja sebule, mwingine korido. Kazi za shule za mdogo wangu nitaendelea nazo, ila tufanye saa 11 jioni badala ya usiku. Kumweleza mtu mwingine kugawanya sehemu kunanikumbusha mengi niliyodhani nayajua.

Kuanzia Jumamosi tarehe 22 nitaosha vyombo vya usiku peke yangu kwa wiki mbili mfululizo, na Kaka atapumzika kudeki mpaka mwisho wa mwezi.

Kuhusu kukesha, Mama, ondoa wasiwasi. Saa 4 nitakuwa nimezima taa. Nilikesha kabla ya mtihani wa Fizikia muhula uliopita, nikaingia chumbani mwa mtihani nikiwa siwezi kukumbuka hata kanuni nilizoziandika usiku ule ule.

Kama kuna asiyeridhika na zamu niliyompangia, tuzungumze Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nimeandika kwa penseli, kubadilisha ni rahisi.

Mwanenu na ndugu yenu,
wa chumba cha mwisho koridoni