Mgeni wetu kafika salama jamani

Shikamooni wazee wetu wote, wa Kibosho na wa Tengeru. Na nyie rika letu mambo vipi.

Haya, ile meseji mliyokuwa mnaisubiri ndo hii. Maana ilifika mahali kila nikishika simu ni "bado?", "vipi huko?", "mbona kimya Baba Happy?", mpaka mama mwenyewe akasema ukiulizwa tena sema bado ukalale. Sasa si bado tena. Mungu katupa mtoto wa kiume, alfajiri ya Jumamosi, mvua ya masika inanyesha Moshi nzima kama kawaida yake, na mama na mtoto wote wazima kabisa. Tumesharudi nyumbani, tumetulia, na tumeshukuru mpaka maneno yametuishia, ila nyie mlistahili kuambiwa vizuri na sio kusikia nusunusu huko barabarani.

Naandika mimi Baba Happy lakini mjue Mama Happy kakaa hapa pembeni anasoma kila mstari. Nilikuwa nimeshaandika kilo za mtoto, saa, dakika, alivyolia, nani alisema nini mlangoni, akasoma akaniambia futa. Nikafuta. Kwahiyo kama mtu anataka kujua kilo, jibu rasmi la familia ni kwamba anazo za kutosha. Na mambo ya kule ndani yalivyokwenda ni ya mama mwenyewe, akitaka kuwahadithia mawifi zake siku moja wakiwa jikoni sawa, asipotaka pia sawa, naomba msimchokonoe.

Wengine mmeniuliza kama mlima ulifunguka ile asubuhi. Haukufunguka jamani. Kibo haikuonekana, Mawenzi haikuonekana, ni mawingu mwanzo mwisho na matope. Mtoto kaja hivyohivyo bila ishara yoyote na tumemfurahia vilevile.

Sasa shukrani, na hapa mnivumilie maana watu ni wengi.

Kwanza Mungu, Ruwa wetu, maana kuna vitu mwanadamu unafika mahali unasema tu mimi nimemaliza, iliyobaki ni yako. Halafu manesi na wakunga na daktari, jina la hospitali hatulitaji kwasababu hawakututuma tuwatangaze, ila wao wanajijua. Kuna nesi mmoja mtu mzima, sauti yake ya taratibu, alinikuta nimesimama koridoni na begi la mtoto nimelikumbatia kifuani akanambia "baba, weka begi chini, halina mtu ndani". Nilicheka peke yangu. Dada yule Mungu amuweke.

Jirani yetu wa geti la bluu, wewe nitakushukuru mpaka tuzeeke. Saa nane usiku mvua inapiga, bajaji hazipatikani, nimegonga mara moja tu mtu katoka na kikoi na sweta, funguo ya gari tayari mkononi, hajauliza hata swali moja, na alivyoendesha ile njia yenye mashimo utafikiri amebeba trei la mayai. Alipotufikisha akakataa hela ya mafuta, akarudi zake. Asubuhi nasikia alienda kazini akiwa na kile kisweta kwasababu hakupata muda wa kulala. Mnaosema watu wazuri wameisha njooni mtaani kwetu.

Wanajumuiya mlioshika rozari ile wiki nzima, asanteni sana. Mama mwenyekiti wa jumuiya ulipiga simu kila jioni, hukuuliza maswali mengi, ulisema tu "tunawaombea" ukakata, yaani ile ndo simu tuliyokuwa tunaihitaji. Wa ofisini kwa Mama Happy mliochangishana kimyakimya mkaleta doti za kanga na shuka la mtoto, zimefika, zimefuliwa, ziko kwenye kamba mpaka leo maana kwa mvua hizi nguo kukauka ni bahati. Na vijana wangu wa kazini mlionishikia zamu, mnajua wenyewe sheria ya ajira inampa baba siku 3 tu, na lazima uzitumie ndani ya siku 7 toka mtoto azaliwe. Mama ana 84 zake, na wangekuja pacha angepata 100, baba yeye 3. Siku tatu hata pampasi hujajua kuifunga ikakaa. Mliniongezea nyingine kwa kubadilishana zamu bila bosi kupandisha sauti, hilo deni nalijua na nitalilipa zamu za Krismasi, mniandike.

Tukija kwa mabibi sasa. Hapa ndo kuna hadithi.

Mnajua mimi ni wa Kibosho na mwenzangu kwao Tengeru, basi mtoto kapata bibi wawili wenye uwezo sawa na jiko ni moja. Bibi wa Kibosho kashuka na mkungu wa mshare kutoka kihambani na mifupa ya ng'ombe, kafunga kanga kiunoni, kapika mtori wa kipekecho, sio ule wenu wa blenda, kaupekecha mpaka kijiko kinasimama, na anakaa kwenye kigoda mbele ya mama anaangalia bakuli likiisha ndo anainuka. Bibi wa Tengeru kaja kesho yake na ndoo ndogo ya maziwa ya mgando na ndizi zake kwa ajili ya loshoro, akafunika sufuria akasema kwa adabu kabisa "mwanangu huyu nimemlea na hii". Hakuna ugomvi, wanaheshimiana mno, ila mama mzazi anakula asubuhi mtori mchana loshoro usiku uji wa ulezi, na mimi nakula mabaki ya vyote. Suruali zimeanza kusema.

Jambo moja tu ndo liliwakutanisha upande mmoja. Nesi alisema mtoto ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, hata maji asipewe. Bibi mmoja, simtaji, akauliza taratibu, hata kijiko kimoja cha vuguvugu? Mwenzake akatikisa kichwa kuunga mkono. Mama Happy akajibu "mama, hata kile cha kuonja", wakaangaliana, wakacheka, yakaisha. Chanjo za mwanzo kashapata, ile ya kifua kikuu begani na matone ya polio, kadi ya kliniki iko salama na bibi ndo anaitunza kwenye mkoba wake kama hati ya shamba.

Happy naye ni dada mtu sasa. Huyu ndo aliyetuvurugia mipango ya kutangaza. Tulikuwa tumepanga tuwaambie kwanza wazee, halafu mashangazi, halafu wengine taratibu, kumbe yeye Jumatatu asubuhi kashatangaza darasani kwao, mwalimu akatutumia hongera kabla hata babu yake hajapata taarifa kamili. Kwa sasa hana furaha sana na mdogo wake maana alitegemea mtu wa kucheza naye mpira na kapewa mtu wa kulala. Jana kamuwekea mpira pembeni ya kichwa, eti akiamka auone. Tunamfuatilia kwa karibu.

Jina analo. Wa ukoo mnajua utaratibu wetu kwahiyo wengi mmeshabahatisha, na babu wa Kibosho anatembea kifua mbele siku hizi, sisemi kitu. Ila jina kamili mtalisikia siku ya ubatizo, tarehe tutawaambia tukishaongea na paroko, na hiyo siku ndo tutakula na kunywa pamoja, mbege ya shangazi itakuwepo. Kwa sasa akiulizwa anaitwa nani, mwiteni Mangi, wote nyumbani ndo tunamwita hivyo na anaitika kwa kupiga miayo.

Kuhusu kuja kumuona. Karibuni sana, tena kwa moyo mmoja, lakini sio wiki hii na sio wiki ijayo. Mama bado anapumzika na mnajua kwetu mzazi anakaa ndani analishwa, na safari hii tumeamua tusilipindishe hilo. Tutawapigia wenyewe, watu wachache wachache, jioni jioni. Mkija mtu anawe mikono, mwenye mafua au kikohozi atusalimie kwa simu tu hatutamchukia, na kumbusu mtoto tunaomba msubiri kwanza, mbusuni Happy anapenda. Shangazi zangu nawajua mtasema "mimi si mgeni", ni kweli shangazi, wewe si mgeni, ila piga kwanza.

Picha hatujaweka na hatutaweka. Msione tumebadilika au tumeanza kujidai, tumekubaliana tu mimi na mwenzangu kwamba sura ya mtoto ibaki nyumbani kwanza mpaka atakapokua kidogo. Babu na bibi wameonyeshwa, na wewe ukija utamuona kwa macho yako, ila usimpige picha ukaweka stetasi. Ba'mdogo wa Dar nishakuona umeandika "tupieni hata miguu". Miguu ni miwili, vidole vyote vipo, amini hivyo.

Na zawadi, mnauliza tunahitaji nini. Kwakweli nguo za watoto wadogo tumepata nyingi, nyingine za Happy bibi alizihifadhi kwenye sanduku na dawa ya nondo mpaka leo zinanukia. Hakuna grupu la mchango, tusije tukaonana wabaya kwa mambo ya elfu kumi kumi. Mwenye moyo na anataka kuleta kitu, sabuni ya kipande na mkaa vinatumika kila siku hapa, na kwa mvua hizi mkaa mkavu ni zawadi ya kifalme. Asiye na kitu aje na mikono mitupu, chai ipo.

Mlioko mbali, Dar, Dodoma, Mwanza, na dada yetu mwenye baridi zake huko nje, meseji zenu zote tumezisoma, nyingine tumesoma usiku wa manane wakati Mangi kaamua kwamba mchana ni wa kulala na usiku ni wa mkutano. Tusipojibu msikasirike. Desemba mkipanda nyumbani kwa Krismasi mtamkuta, atakuwa anatambaa huyo, mjipange kukaa chini sakafuni.

Simu ya Mama Happy itakuwa imezimwa mara nyingi, yangu ipo hewani, nipigieni mimi. Ila jamani, kati ya saa saba na saa tisa mchana hapana, huo ndo muda pekee nyumba nzima tunalala, hadi bibi.

Asanteni sana, aika mbe.

Baba na Mama Happy, na Mangi mdogo
Moshi