Mkataba wa Ajira, Mtengenezaji Programu, Moshi: Kifungu cha 11 na 12

11. Umiliki wa kazi za ubunifu

11.1 Msimbo, miundo ya hifadhidata na maelezo ya matumizi ambayo Mfanyakazi ataandaa katika kutimiza majukumu yake ni mali ya Mwajiri. Mfanyakazi anamhamishia Mwajiri haki zote za kiuchumi za kazi hizo chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mshahara wa kifungu cha 5 ndio malipo yake. Haki ya kutambuliwa kuwa mwandishi inabaki kwake: jina lake lisifutwe kwenye historia ya msimbo hata akiacha kazi.

11.2 Kinachoangaliwa ni kazi yenyewe, si saa wala mahali. Mfumo wa kuhifadhi nafasi za wapanda mlima ukikwama saa 5 usiku na Mfanyakazi akaurekebisha akiwa kwake Shanty Town, marekebisho ni ya Mwajiri. Wazo lisilohusu biashara ya Mwajiri haliwi lake kwa sababu tu lilimjia Mfanyakazi ofisini. Kompyuta ya ofisi isitumike kwa miradi binafsi. Akiitumia, ni kosa la nidhamu, lakini mradi haubadiliki mmiliki.

11.3 Programu ya simu ya kurekodi uzito wa kahawa kwenye vyama vya msingi vya ushirika, iliyomo katika hazina ya msimbo `mizani-kahawa`, ni ya Mfanyakazi. Aliianza 2021, kabla ya ajira hii. Akiingiza kipande chake kwenye mfumo wa Mwajiri, Mwajiri anaruhusiwa kukitumia na kukirekebisha humo daima bila malipo, ila hatakiuza peke yake.

11.4 Maktaba ya msimbo yenye leseni ya GPL isiingizwe kwenye mfumo wa Mwajiri bila idhini ya maandishi ya msimamizi.

12. Kazi za pembeni

12.1 Mfanyakazi anaruhusiwa kufanya kazi za pembeni nje ya saa za kazi na zamu za dharura. Haombi ruhusa, anatoa taarifa kwa barua pepe siku 7 kabla ya kuanza. Mwajiri akinyamaza siku hizo zote, amekubali.

12.2 Hataruhusiwa kutengeneza mfumo wa kuhifadhi nafasi kwa wakala wa utalii, kumhudumia mteja wa Mwajiri kwa malipo yake binafsi, wala kutumia taarifa za wageni, hasa nakala za pasipoti, kinyume cha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi la ndugu yake, au kufundisha vijana Jumamosi, havimo katika katazo hili, taarifa inatosha.

12.3 Rasimu ya kwanza ilimkataza Mfanyakazi kufanya kazi kama hii Moshi na Arusha kwa mwaka mmoja baada ya kuondoka. Pande zote zimelifuta sharti hilo, kwa kuwa lingemlazimisha kuhama mkoa ili ale. Kinachobaki ni wajibu wa kutunza siri za Mwajiri kwa miaka 2.

12.4 Mgogoro wa ajira utokanao na vifungu hivi usipomalizwa kwa mazungumzo ya siku 14, utapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya muda wa kisheria.